Barua ya kuomba radhi kwa wachumba uliowatabiria mabaya

Kama unatazamia watu nyota, iwe kwa hesabu ya majina, kwa bao, kwa kiganja au kwa karata, ipo siku mtu uliyempa neno zito atarudi mlangoni kwako. Kwangu alikuja mwanamke kijana, hapa Tanga, asubuhi watu wakiwa bado wanakunywa chai. Alikaa kwenye mkeka, akafungua mkoba, akatoa kalenda tatu za ukutani, zile maduka yanazowagawia wateja mwisho wa mwaka. Kila siku ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, kuanzia siku moja ya Machi katika kalenda ya kwanza hadi juzi yake katika ya tatu. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Ulisema hatumalizi miaka miwili. Imeisha juzi. Nimekuja uzione."

Sikuwa nimemwona kabla ya siku ile. Aliyekuja kuangalizia alikuwa mama yake, wakati wa posa. Mwenyewe alipewa maneno yangu yakiwa yamekwisha pita midomo mitatu, akaolewa nayo moyoni. Mumewe ni utingo wa lori la Horohoro, na kila usiku gari lilipochelewa alikaa kizingitini mpaka adhana ya alfajiri. Alikataa kushika mimba kabla ya muda kwisha, akihofia kuzaa yatima. Haya aliyasema taratibu, bila kunigombeza, na nilipotaka kumjibu nikaona sina neno. Ndipo nikaandika barua. Niliiandika mara nne, na ninachokueleza hapa ni yale niliyojifunza kati ya barua ya kwanza, ambayo ingemwumiza upya, na ile ya nne niliyomkabidhi.

Kabla hujashika kalamu, tafuta maneno uliyoyasema. Nasema maneno yenyewe, yale yaliyotoka mdomoni, maana kumbukumbu zetu sisi watazamiaji zina tabia ya kulainisha. Mimi ningeapa kwamba nilisema "ndoa hii ina uzito, waiombee dua". Nilipofungua daftari langu nikakuta nimeandika kwa mkono wangu: "Hawamalizi miaka miwili. Talaka au mauti." Kama huna daftari, mwulize aliyekuja, na umwulize kwa unyenyekevu: "Mama, nikumbushe nilisemaje siku ile." Usimsahihishe anapojibu. Hata kama unaamini hukusema hivyo, hayo aliyoyasikia ndiyo yaliyofika nyumbani.

Kisha pitia hesabu yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza mara ya pili.

Hesabu ya wachumba tunayoitumia pwani inatokana na abjadi, na wengi tumeipata katika kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashari, mnajimu wa Balkh aliyefariki mwaka 886. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, bee ni 2, yee ni 10, lamu ni 30, mimu ni 40, sini ni 60, ree ni 200. Unajumlisha jina la mtu na jina la mama yake, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yake, kuanzia 1 ambayo ni Hamali hadi 12 ambayo ni Hutu. Nyota zimegawanywa kwa tabia nne, moto, udongo, upepo na maji. Moto na maji huhesabiwa maadui, na udongo na upepo vilevile.

Chukua majina ambayo kila mtaa wa pwani unayo. Majina ya wenyewe nimeyaficha, ila kosa lilikuwa la aina hii hii. Salimu mwana wa Fatuma anamposa Zainabu binti Mariamu. Zainabu ni 69, Mariamu ni 290, jumla 359. Ukitoa kumi na mbili mara ishirini na tisa zinabaki 11, nyota ya Dalu, upepo. Salimu nikamwandika kwa sini, alifu, lamu, mimu: 131. Fatuma nikamwandika kama waandikavyo Waarabu, nikapata 135. Jumla 266, zinabaki 2, nyota ya Thauri, udongo. Udongo na upepo. Hukumu ikatoka hapo hapo, mama akiwa hajamaliza kukunja kanga yake magotini.

Lakini mama aliniletea majina kwa herufi za Kirumi, kwenye karatasi iliyochanwa daftari la shule. Kwa maandishi hayo, Salimu wa alifu na Salimu wa yee huwezi kuwatofautisha. Ukimwandika kwa sini, lamu, yee, mimu anakuwa 140. Ukijumlisha na mama yake unapata 275, zinabaki 11. Dalu. Nyota ile ile ya mchumba wake.

Halafu kuna herufi ya mwisho ya jina la Fatuma, ile tee ya kufunga. Wapo wanaoihesabu kama hee, 5, na wapo wanaoihesabu kama tee, 400, na kila upande una mwalimu wake. Ukishika 400, jina la mama linakuwa 530. Salimu wa alifu sasa anaangukia Hamali, moto, ambao na upepo ni marafiki. Salimu wa yee anaangukia Jadi, udongo tena. Kijana mmoja, mama mmoja, nyota nne: mbili zinampa mke na mbili zinamnyima. Hapo bado hatujauliza kama mama wa kijana alipozaliwa alipewa jina jingine, jambo ambalo katika nyumba nyingi ni la kawaida.

Nilipoliona hili nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyoharibu barua yangu ya kwanza. Nilimwandikia: "Mwanangu, nimerudia hesabu, nimegundua kosa la herufi moja, nyota zenu ni moja, mtaishi kwa raha." Nilidhani nampelekea zawadi. Nilipoisoma tena usiku nikaona nimefanya lile lile. Nimempa tena neno la uhakika juu ya maisha yake, kutoka katika hesabu ile ile inayogeuka kwa herufi moja. Siku wakikosana, kama watu wa nyumba moja wanavyokosana, atarudi kuuliza kama kosa lilikuwa la mara ya kwanza au la mara ya pili.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya barua hii ni kwamba usiandike utabiri mwingine ndani yake. Hata mzuri. Hata wa dua ya kupita kiasi, "naona mtoto wa kiume". Unachokiondoa ni ule uzito ulioupa ulimi wako. Hesabu iliyokosewa itaje kwa sentensi moja, kama ushahidi kwamba hukuwa na haki ya kusema vile, halafu iache.

Barua ya pili ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ilijaa maneno "kama" na "huenda". "Kama maneno yangu yalikuumiza." Alikuja na kalenda tatu, na mimi nauliza kama aliumia! "Huenda mama yako alinielewa vibaya." Hapo nilikuwa namtupia mzazi wake mzigo wangu. "Sisi tunasoma tu, anayejua ni Mungu." Neno hilo ni la kweli, na kila mtazamiaji analisema. Lakini ulitakiwa kulisema siku ile, kabla ya kutaja miaka miwili. Ukilisema leo linakuwa mlango wa kutorokea. Pitia rasimu yako na kalamu, na kila penye "kama", "huenda", "bahati mbaya" na "tu", uliza sentensi inasimamaje ukilifuta. Mara nyingi itabaki fupi, na itakuwa ndiyo uliyokuwa ukiikwepa.

Ya tatu ilikuwa ndefu. Niliandika jinsi nisivyolala, jinsi nilivyojuta, kwamba nina miaka thelathini katika kazi na sijawahi kumtakia mtu mabaya. Yote kweli. Ila aliyekaa kizingitini akisubiri lori ni yeye, na mimi nilikuwa namwomba anibembeleze. Majuto yako yape mstari mmoja. Kilichobaki kiwe chake: nini ulisema, nini hukujua, nini kilimpata kwa sababu yako, na nini utafanya.

Katika kutaja yaliyompata, taja yale aliyokuambia mwenyewe, kwa maneno yake, usiongeze. Mimi sikuandika "nimeharibu ndoa yenu", kwa sababu ndoa haikuharibika, na kusema hivyo kungekuwa kumtabiria kinyumenyume. Niliandika kizingiti na kalenda.

Hii ndiyo barua ya nne, isipokuwa majina na tarehe nilizoziondoa.

"Kwa mwanangu, na kwa mume wako,

Asalamu alaykum.

Miaka miwili na miezi minne iliyopita mama yako alinijia na majina yenu na ya mama zenu kwenye karatasi. Nilimwambia hivi: 'Hawamalizi miaka miwili. Talaka au mauti.' Nimeyakuta maneno hayo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu. Mama yako hakuongeza kitu.

Niliyasema kama mtu anayejua, na sikuwa najua. Jina la mume wako lilikuja kwa herufi za Kirumi, nami nikachagua mwenyewe jinsi ya kuliandika kwa Kiarabu bila kuuliza. Kuliandika kwa namna nyingine kunabadili hesabu nzima. Hata kama ningeuliza, hesabu ile haina uwezo wa kutaja miaka wala kifo. Miaka miwili niliitoa kichwani kwangu, ili neno langu liwe na nguvu.

Kwa sababu ya neno hilo ulikaa kizingitini usiku lori lilipochelewa. Ulikata siku kwenye kalenda. Mliahirisha kupata mtoto. Mama yako hakuja harusini. Haya umeniambia mwenyewe, na najua yapo usiyoniambia. Nimekukoseeni nyote wawili, na nimemkosea mama yako, aliyekuja kwangu kwa kuwapenda.

Sitawaambia kitu kingine chochote juu ya ndoa yenu, cha heri wala cha shari. Sina ninachokijua.

Shilingi 20,000 alizonilipa mama yako zimo humu. Nitakwenda kwa mama yako, na kwa yeyote mtakayenitajia aliyesikia maneno yale, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba hayakuwa na msingi. Mkipenda nisiende, sitakwenda.

Naomba radhi. Si lazima mnijibu.

Mwalimu wenu wa jirani ya msikiti."

Sentensi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ile ya miaka miwili niliyoitoa kichwani. Mwanafunzi wangu aliposoma rasimu alinishauri niiondoe, akisema itanishushia heshima mtaani. Niliiacha, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imemshika. Udongo na upepo ni maneno ya kitabu, mtu anaweza kuyapuuza. Tarehe huwezi kuipuuza. Ukimpa mtu tarehe unampa kalenda ya kukata, na kila homa ndani ya muda huo inakuwa dalili. Kagua utabiri wako uone ni sehemu gani iliyotoka katika elimu uliyofundishwa na ni ipi uliyoiongeza ili mteja atetemeke. Hiyo ya pili ndiyo ya kuikiri kwa jina lake.

Neno juu ya pesa. Rudisha kiasi kile kile ulichopokea. Ukizidisha, itaonekana unanunua ukimya, na ukitoa pungufu, unajua mwenyewe itakavyosemwa. Usirudishe kwa kitu, na zaidi ya yote usitoe kombe, hirizi wala kisomo cha bure "kusafisha nyota". Ukimpa kinga umemwambia hatari bado ipo. Nimewaona wenzangu wakifanya hivi kwa nia safi kabisa, na mteja akaondoka na hofu mpya iliyoshonewa kwenye ngozi.

Barua ipeleke kwa mkono, kwenye bahasha iliyofungwa, na umpe yeye. Usitume ujumbe wa sauti. Sauti inasikilizwa ukumbini watoto wakiwepo, inapelekwa kwa shoga, na kesho inachezwa sokoni. Usiisome mbele yake pia, maana utakuwa unausubiri uso wake. Mpe, mwage, ondoka. Kama mume hakuwahi kujua kilichosemwa, mwulize mke kabla ya kuandika jina la mume kwenye bahasha. Kuna nyumba ambamo mke aliificha habari ile miaka yote, na barua yako ya radhi itakuwa ndiyo inayoifichua. Mimi niliuliza. Alikuwa amemwambia usiku wa harusi.

Sasa njia maneno yaliyopitia. Utabiri wa wachumba hausemwi kwa watu wawili. Mama anaambiwa, mama anamwambia dada yake, dada anamwambia wifi, upande wa mume unasikia kwamba mkwe wao ana nyota ya kuua. Barua kwa wachumba peke yao inaacha wote hao wakiwa na maneno yako ya kwanza. Kaa na kalamu, andika aliyesikia kwanza, halafu aliyesikia kwake, mpaka ufike mwisho unaoujua. Watu hao hawahitaji barua, maana karatasi nyingi zinageuka mazungumzo ya mtaa. Wanahitaji kukusikia ukisema, kwa ufupi. Usiende kwao kabla wenyewe hawajakuruhusu.

Kuhusu majibu. Ukiwa umeandika vizuri, kuna uwezekano mkubwa wa kimya, na kimya usikifuatilie. Usiulize kwa jirani kama barua ilisomwa. Ukikutana naye sokoni msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia. Anaweza kuja kukutukana, nawe umsikilize mpaka amalize. Anaweza pia kuja kukuomba uangalie tena, na hili ndilo gumu, kwa sababu atakuja kwa upole, na mkono wako utaifuata kalamu wenyewe. Yule mke aliniuliza mlangoni, bahasha ikiwa bado mkononi mwake: "Kwa hiyo mwalimu, sasa nyota zetu ni sawa?" Nilimwambia, "Mwanangu, hilo sina jibu lake." Alinitazama muda mrefu, akaingia ndani.

Wanazuoni wetu wengi wanaikataza kazi hii tangu mwanzo, na sitabishana nao hapa. Wewe unayeendelea nayo, nakuomba jambo moja la kazi: mzazi akija na majina ya wachumba, mwulize kwanza kama wenyewe wanajua amekuja. Nilipoanza kuuliza hivyo, zaidi ya mmoja alikunja karatasi yake akasema atarudi, na hakurudi.

Jibu langu lilikuja baada ya Idi, kwa mtoto aliyetumwa. Mama mkwe alikuwa na watu siku ya Ijumaa, shangazi wawili wa kijana na wifi yake, na walitaka nifike. Nilikwenda baada ya sala. Walinipa kiti, nikasema nitasimama. Niliwasomea aya ya kwanza na ya pili ya barua ile, hizo tu, nikakunja karatasi. Shangazi mkubwa akauliza, "Hiyo miaka miwili uliitoa kichwani?" Nikasema ndiyo. Akamgeukia mama wa binti, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na buibui lake hajalivua, akamwambia, "Njoo ukae huku juu, da mkubwa."